Tusimwambie Mwalimu Avumilie Tu

Tanzania ilipoanza kutoa elimu bila ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, watoto walifurika shuleni, kama walivyofurika Kenya mwaka 2003. Lilikuwa jambo la haki, wala asitokee mtu wa kulijutia. Lakini walimu hawakuongezeka kwa kasi ya watoto. Kipimo cha serikali ya Tanzania kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na bado wako walimu wengi wanaosimama mbele ya watoto mia na zaidi.

Hebu tumfuate mwalimu wa Kiswahili wa Darasa la Tano mwenye watoto 120. Kipindi chake ni cha dakika 40. Hata akinyamaza asifundishe neno, akawa anapita tu dawati kwa dawati, kila mtoto atapata sekunde 20. Akitoa zoezi, madaftari 120 yanamngoja. Kwa dakika moja kila daftari, hizo ni saa mbili. Siku ya insha, ambayo haisahihishwi kwa chini ya dakika tatu, ni saa sita, na hapo hatujamhesabia mkondo wa pili, andalio la somo wala zamu. Basi asipomaliza, tusikimbilie kumwita mvivu. Kazi yenyewe haiingii ndani ya siku.

Juu ya hayo kuna kazi isiyoandikwa kwenye ratiba. Mwaka 1983 Arlie Hochschild, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika juu ya wahudumu wa ndege, akaonyesha kuwa kuuzuia moyo wako na kuonyesha uso mwingine ni kazi kamili inayochosha. Mwalimu huifanya kutwa: ana hasira, lakini lazima awe mpole, ana huzuni, lakini lazima aimbishe watoto.

Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson walitoa dodoso la kupima hali ya kuchakazwa na kazi, wakaigawa sehemu tatu. Kwanza roho huchoka, kiasi kwamba hata usingizi wa Jumapili hauirudishi. Pili mtu hujitenga na wale anaowahudumia. Tatu huona kazi yake haina matunda. Aliyekaa katika ofisi ya walimu atazitambua. Mwalimu aliyewajua wanafunzi kwa majina sasa husema "hawa" tu. Madaftari hupigwa vema moja chini ya ukurasa bila kusomwa. Na mtoto akifaulu, mwalimu hadhani kuwa ana mchango wowote.

Hapa ndipo nataka tutulie. Mwaka 2001, Evangelia Demerouti na wenzake walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa Ujerumani uliotenganisha mizizi ya mambo haya. Uchovu ulifungamana zaidi na uzito wa kazi. Kujitenga kulifungamana zaidi na kukosa msaada, kukosa sauti katika maamuzi na kukosa kuambiwa umefanya vema. Ni kweli, tafiti nyingi za namna hii huuliza watu mara moja tu, kwa hiyo ni vigumu kusema kipi kilianza. Hata hivyo funzo lake kwetu ni kubwa. Wingi wa watoto utapunguzwa na serikali kwa kuajiri walimu na kujenga madarasa, na hilo ni deni lake. Lakini kumwacha mwalimu peke yake, kumkaripia mbele ya wanafunzi na kumdai taarifa ileile mara tatu si kosa la bajeti. Hayo yanaweza kukoma Jumatatu ijayo.

Wako wanaojibu kwamba ualimu ni wito, na mwenye wito huvumilia. Nawaambia kwa heshima kwamba wamekosea. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, liliitaja hali hii ya kuchakazwa kuwa jambo litokanalo na kazi, halikuiita ugonjwa. Maana yake tiba ya kwanza iko kwenye kazi. Ila huzuni ikimfuata mwalimu hadi likizoni, akakosa usingizi na hamu ya kuishi, hilo limevuka mipaka ya kazi, na apelekwe hospitali bila kuaibishwa.

Enyi walimu wakuu na maofisa elimu, ruhusuni insha zisahihishwe kwa mafungu: watoto 40 wiki hii, 40 wiki ijayo, na waliobaki wiki ya tatu, huku mazoezi mengine yakisahihishwa ubaoni darasa zima kwa pamoja. Futeni taarifa zinazojirudia. Mwiteni mwalimu aliyenyamaza, mkae naye faragha, mumuulize ni mzigo upi aondolewe, kisha uondoeni kweli.