Ushauri wa Siku 7

Mwezi Juni mwaka jana Mama Mdogo wangu, fundi cherehani mjini Tanga, alipokea ujumbe huu kwenye simu yake:

"Mpendwa mteja, tunapenda kukufahamisha kuwa mkopo wako umepita muda. Unashauriwa kulipa ndani ya siku 7 ili kuepuka usumbufu. Asante kwa kutuchagua."

Ilikuwa tarehe 13. Tarehe 22 walikuja vijana wawili na bodaboda ya matairi matatu, wakabeba cherehani. Mama Mdogo alikuwa na vitambaa vya sare za shule mezani, kwa kuwa shule zinafunguliwa Julai na huo ndio msimu wake. Alikuwa anadaiwa rejesho moja tu, shilingi 118,000.

Nilipompigia simu nilikosea swali. Baada ya shikamoo nilimuuliza kwa nini alipuuza ujumbe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Sikupuuza, mwanangu. Walinishauri. Nikaupima ushauri wao, nikaona heri nimalize sare za watu kwanza, nikilipwa niwalipe. Wangeniambia wanakuja kuchukua cherehani, si ningekopa kwa jirani siku ileile?"

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika isimu. Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu adabu katika lugha, lakini jibu lake ndilo lililonikalisha chini. Alikuwa amesoma ujumbe ule kwa usahihi kuliko waliouandika. Kushauriwa ni kupewa maoni, na mwenye kupewa maoni ana hiari ya kuyafuata au kuyaacha. Usumbufu ni kero, kama foleni au maji kukatika asubuhi. Hakuna Mswahili anayeita kuchukuliwa kwa cherehani usumbufu.

Tumezoea kuambiwa kwamba Kiingereza ni lugha ya kwenda moja kwa moja na Kiswahili ni lugha ya kuzunguka. Wageni wanaokuja kufanya biashara wanafundishwa hivyo, na sisi wenyewe tunalirudia maofisini kwa fahari kidogo na aibu kidogo. Nasema si kweli. Lugha zote mbili hulainisha maneno makali. Tofauti ni mahali zinapoweka ulaini huo. Kosa letu ni kwamba tukitafsiri tunauweka mahali pasipo pake, kisha tunamlaumu msomaji kwa kutoelewa.

Barua ya kibiashara ya Kiingereza huweka ulaini ndani ya sentensi yenyewe, kwenye kitenzi. Anayedai hasemi "lipa". Anauliza kama ungeweza kulipa, au anasema kwamba unashauriwa kulipa, au kwamba hatua zinaweza kuchukuliwa. Brown na Levinson, katika kitabu chao cha mwaka 1987 kuhusu adabu, walieleza mantiki ya namna hii ya kusema: unampa mwenzako heshima kwa kujifanya unamwachia nafasi ya kukataa. Msomaji aliyelelewa katika lugha hiyo anajua kwamba nafasi hiyo haipo. Akiambiwa anashauriwa, anasikia ameamriwa.

Kiswahili huweka ulaini kandokando ya jambo. Msikilize muuza vitambaa wa sokoni akidai deni lake. Ataanza na shikamoo, kama aliyekopa ni mkubwa wake. Ataulizia mgonjwa, ataulizia watoto. Kisha atasema: "Mama, nimefuata ile hela yangu. Naomba unipe Ijumaa, maana Jumamosi nasafiri kufuata mzigo." Angalia kilicho katikati. Hela imetajwa, siku imetajwa, sababu imetajwa. Hakuna "kama ingewezekana". Methali yetu nayo haizunguki: dawa ya deni ni kulipa.

Ulaini wote umekaa katika salamu, katika kumwita "mama", katika neno "naomba", na katika ile irabu moja mwanzoni mwa "unipe". "Nipe" ni amri. "Naomba unipe" ni ombi la mtu mwenye haki yake. Kitenzi hakijafichwa, kimevalishwa tu.

Mpangilio huu si wa sokoni peke yake. Zipo barua za watu wa pwani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo Mjerumani Büttner alizichapisha mwaka 1892. Salamu hutangulia, ndefu na za heshima, kisha jambo lenyewe linatajwa. Mwandishi alijua salamu zinaishia wapi na shughuli inaanzia wapi, na msomaji naye alijua.

Sasa turudi kwenye ujumbe wa Mama Mdogo tuone ulivyotengenezwa. Naweza kuuchambua kwa sababu mwaka huohuo, kwa miezi mitatu, nilifanya kibarua cha kutafsiri jumbe kama huo kwa kampuni nyingine ya mikopo. "Unashauriwa" niliiandika mimi mwenyewe, mara nyingi, na nikalipwa.

Kazi ilikuwa hivi. Unapewa jedwali lenye safu mbili. Kushoto kuna ujumbe wa Kiingereza uliokwisha kupitishwa na mwanasheria, kulia ni pako wewe. Sharti ni moja: usizidi herufi 160, kwa sababu ujumbe mfupi mmoja wa simu hubeba herufi 160, ukizidi unahesabiwa kuwa wa pili na kampuni inalipia mara mbili. Kiswahili kina maneno marefu, kwa hiyo lazima ukate kitu. Unakata nini? Unakata kisichokuwepo upande wa kushoto: salamu, jina, neno "naomba". Na unalinda kila kilichopo kushoto: kupenda kufahamisha, kushauri, kuepuka usumbufu, kushukuru kwa kuchaguliwa.

Hivyo ndivyo tunavyopata ujumbe wenye hasara mbili. Pembeni, ambako Kiswahili huweka heshima, hamna kitu. Mama wa miaka 54 anaitwa "mpendwa mteja" na mtu asiyemjua wala kumwamkia. Katikati, ambako Kiswahili husema jambo waziwazi, kuna ukungu. Ujumbe hautaji kiasi, hautaji tarehe, hautaji kitakachotokea. Ni mkavu na wakati huohuo haueleweki.

Ukitaka kuutambua ujumbe wa namna hii, usome kila kitenzi kwa maana yake ya nyumbani. "Tunapenda kukufahamisha": je, kweli wanapenda? "Je, unaweza kulipa leo?": hilo kwa Kiswahili ni swali la uwezo, na mtu asiye na pesa atajibu kwa ukweli kwamba hawezi. "Ningependa kukukumbusha": ile "nge" inaleta sharti, msikilizaji anasubiri useme ungependa lakini nini kinakuzuia. "Akaunti yako inaweza kufungwa": mlango nao unaweza kufungwa. Kiingereza kinatumia maneno hayo kama pambo. Kwetu yana kazi, na msomaji anayachukulia kwa kazi yake.

Mambo hugeuka upande wa pili pia. Niliwahi kumwandikia mhadhiri mmoja wa ng'ambo kwa Kiingereza, nikitafsiri neno kwa neno sentensi iliyokuwa na adabu tele kichwani mwangu: naomba unitumie ile makala. Alijibu kwa ukavu kwamba atanitumia akipata muda. Baadaye rafiki yangu aliyesoma huko akanieleza kwamba nilikuwa nimemwamuru. "Naomba" yangu iligeuka dai, na irabu yangu ya mwanzo ilipotea njiani kwa sababu Kiingereza hakina pa kuiweka. Nami sikukasirika, nilijifunza. Yaani mimi mwenye elimu nilijirekebisha ili nisimuudhi profesa. Sijaona ofisi ikijirekebisha ili isimpotoshe fundi cherehani.

Najua nitakavyojibiwa, maana nilimuuliza msimamizi wangu wa kibarua. Alisema kila mtu anajua maana ya "unashauriwa". Si kila mtu. Nchini mwetu shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na sekondari kwa Kiingereza. Aliyepita sekondari na kukaa ofisini anapoona "unashauriwa", nyuma yake anaona neno la Kiingereza, na nyuma ya neno hilo anaona amri. Mama Mdogo aliishia darasa la saba. Yeye ana Kiswahili peke yake, kizima na safi, na hicho ndicho kilichomponza. Tumeunda Kiswahili kinachomtaka msomaji ajue Kiingereza kwanza, kisha tunakipeleka kwa watu ambao hawakukipata.

Alisema pia kwamba kutaja kuchukua mali ni ukali, wateja watachukia. Lakini kampuni haikuona ukali kutuma vijana na bodaboda. Ukali ulikuwepo tayari, ndani ya mkataba. Kilichofichwa ni taarifa tu, na aliyefichwa ni yule aliyeihitaji zaidi.

Na alisema nafasi haitoshi. Hapo nilikaa nikahesabu. Ujumbe wa Mama Mdogo una herufi 148, pamoja na nafasi na alama. Huu hapa wangu:

"Habari, Mama. Rejesho lako la sh. 118,000 limechelewa siku 12. Tunaomba ulipe kabla ya tarehe 20 Juni. Usipolipa tutachukua cherehani. Ukikwama tupigie."

Ni herufi 152. Umezidi kwa herufi 4 na bado uko ndani ya ujumbe mmoja. Una salamu na una ombi, na aliyekwama anaonyeshwa pa kwenda. Jinsia yake na mwaka wake wa kuzaliwa vimo kwenye fomu aliyojaza, kwa hiyo hata "Mama" haihitaji kubahatisha. Kiasi, tarehe na dhamana vimo kwenye kompyuta yao. Ujumbe huu ni mkali kuliko wa kwanza, na nilipomsomea Mama Mdogo alisema, "Huyu ameniheshimu."

Alilipa tarehe 24, rejesho pamoja na faini, na shilingi 40,000 nyingine walizoziita gharama za usafirishaji na utunzaji. Cherehani ilirudi. Sare nyingi zilikuwa zimeshapelekwa kwa fundi mwingine, na wateja wawili hawajarudi mpaka leo.

Lile jedwali langu bado ninalo. Nimehesabu "unashauriwa" 31 katika safu ya kulia, zote zimeandikwa na mimi, na sijui ziliwafikia akina mama wangapi. Wewe unayekaa mbele ya jedwali kama hilo leo, geuza mpangilio. Mwamkie mtu. Mwombe. Kisha mwambie anadaiwa kiasi gani, mwisho ni lini, na asipolipa mtafanya nini.