Tusiandike p = 0.000

Naomba kusema jambo moja kuhusu majedwali ya matokeo. Wengi hunakili ".000" kutoka safu ya Sig. ya matoleo ya zamani ya SPSS na kuandika p = 0.000, kana kwamba uwezekano ni sifuri. Sivyo: programu imekadiria hadi desimali tatu tu, na thamani yenyewe huenda ni 0.00004. Iandikwe <0.001.

Thamani nyingine zote zibaki na desimali tatu, hata zinazoishia na sifuri. Hapa ndipo R huwaponza watu: `round(0.0300, 3)` hutoa 0.03, na safu inakosa mpangilio. Mimi hutumia hii:

```r
ifelse(p < 0.001, "<0.001", sprintf("%.3f", p))
```

Kwa 0.00004, 0.03 na 0.2174 inatoa <0.001, 0.030 na 0.217. Linganisha thamani na 0.001 kabla ya kuikadiria. Ukianza kukadiria, 0.00098 inageuka 0.001 na kukwepa kizingiti.

Ila msiandike "<0.05" kwa kila kitu. Msomaji ana haki ya kujua kama ni 0.049 au 0.002. Wahariri wa majarida, tafadhali rudisheni majedwali yenye 0.000.