Mizunguko saba ya uwanja wa mpira

Vijana wa Zongwe wanaojiandaa kwa mtihani wa kukimbia kilomita 2.4 ndani ya dakika 12 wanahitaji kwanza hesabu ya mwendo: dakika 5 kwa kila kilomita, yaani sekunde 30 kwa mita 100. Pasipo njia ya riadha, uwanja wa mpira unatosha, mradi upimwe kwa kamba. Wenye mita 105 kwa 68 una mzunguko wa mita 346. Mizunguko saba, pungufu ya mita 22, ndiyo kilomita 2.4, na kila mmoja uchukue dakika 1 na sekunde 44. Wengi huangushwa na mzunguko wa kwanza. Anayeumaliza kwa 1:25 anajiona ameokoa sekunde 19, lakini pumzi ikikatika na minne ya mwisho ikafika 1:55, amepoteza 44, na anamaliza kwa 12:25. Naona ni heri kuanza kwa 1:46 mara mbili, kisha kuongeza kidogo kidogo. Na msikate kona wakati wa mazoezi: saa itawasifu kwa umbali ambao hamkuukimbia, na siku ya mtihani sekunde hizo zitadaiwa.