Kopi ya kadi si kadi

Ndugu mkulima, ukiuziwa pikipiki kwa kopi ya kadi, usitoe hata advansi. Mara nyingi kadi halisi imeshikiliwa na aliyemkopesha muuzaji.

Tuseme bei ni shilingi 1,500,000 na deni lililobaki ni 600,000. Kwanza ipelekeni polisi mjue kama imeripotiwa kuibwa. Kisha nendeni wote kwa mkopeshaji, muombe kuiona kadi. Linganisha namba ya chesesi na ile iliyogongwa kwenye shingo ya usukani. Pakiwa pamesuguliwa au kuchomelewa, achana nayo.

Zikilingana, lipa deni mwenyewe, upewe kadi na barua ya kumaliza mkopo. Zile 900,000 muuzaji azipate mkishabadilisha jina la mmiliki TRA. Akikataa utaratibu huo, rudi na pesa yako nyumbani.