Kumuuliza Mtu Hakumtii Wazo la Kujiua

Imani hii haina kabila wala dini: ukimuuliza mtu aliyekata tamaa kama anafikiria kujiua, umemwonyesha njia. Husemwa barazani na majumbani, na la kuudhi zaidi ni kwamba husemwa pia na wanafunzi wa utabibu ambao muda si mrefu watakabidhiwa wagonjwa. Si kweli, na imeshapimwa ikaonekana si kweli.

Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo kutoka shule sita za sekondari za jimbo la New York. Wanafunzi zaidi ya 2,300 waligawanywa makundi mawili, moja likaulizwa waziwazi kuhusu kujiua na jingine halikuulizwa. Siku mbili baadaye walioulizwa hawakuwa na mawazo hayo zaidi ya wenzao. Wale waliokuwa na dalili za sonona, au waliowahi kujaribu kujiua, walionekana hata kupata nafuu kidogo. Mwaka 2014 watafiti wa London walikusanya tafiti 13 za namna hiyo, na hakuna hata moja iliyoonyesha kwamba swali liliongeza hatari kwa kiwango cha kuhesabika.

Sasa twende Changamwe. Katika wadi ya Airport na jirani yake Port Reitz, ndege zinazotua uwanja wa Moi hupita juu ya mabati, na chini yake malori ya kontena hujipanga kuelekea bandarini. Hospitali ya Port Reitz, iliyo karibu na uwanja huo, ndiyo ambayo watu wa Mombasa huitaja mara moja likija suala la ugonjwa wa akili. Mtaa huu unafaa kwa mfano wa mtihani wa wanafunzi hao wa utabibu. Mgonjwa ni wa kutungwa, lakini shida zake mtaa mzima unazijua.

Katika mtihani wa vituo mgonjwa ni mwigizaji, muda ni dakika chache, na mtahini amekaa pembeni na karatasi ya alama. Mgonjwa wetu ni dereva wa trela wa miaka 41. Kazi yake ya kudumu ilikatika mwaka 2019, serikali ilipoagiza makontena yapande reli ya SGR, na tangu hapo anaishi kwa vibarua. Madeni ya mikopo ya simu yanamkaba. Wiki tatu hajalala vizuri. Amekuja akilalamika kichwa.

Mtahiniwa wa kwanza anamsikiliza vizuri, anatikisa kichwa kwa huruma, kisha anauliza: “Lakini kaka, hujafikiria kufanya jambo baya, sivyo?” Dereva anajibu hapana. Mtahiniwa anashusha pumzi, anaandika kwamba hakuna hatari, anamwandikia dawa ya maumivu. Kwenye karatasi ya mwigizaji jibu la kweli lilikuwa ndiyo. Halikutoka kwa sababu swali lenyewe lilikuwa limeshachagua jibu. Na si wanafunzi pekee: uchunguzi wa mazungumzo ya kliniki za akili Uingereza, uliotoka mwaka 2017, ulikuta karibu robo tatu ya maswali kama hayo yameundwa yapate “hapana”. Pwani tuna namna yetu ya kosa hilo: “Wewe mtu wa dini, haya huyafikirii.” Nani atamjibu tabibu kwamba anayafikiria?

Mtahiniwa wa pili anaanzia kwenye yale dereva mwenyewe ameyasema. “Kaka, mtu akikosa usingizi wiki tatu na wadai wanapiga simu mchana na usiku, huweza kufika mahali akaona heri afe. Wewe umefika hapo?” Kimya. Hakijazi kile kimya. “Nimefika,” anasema dereva. “Umefikiria kujiua?” “Ndiyo.”

Neno ni hilo hilo, kujiua, bila kulizungukazunguka. Upole uko kwenye sauti, kwenye kungoja, na kwenye kumwambia mtu kwamba amefanya vyema kusema. Yanayofuata ndiyo yanayoleta alama nyingi: mawazo huja mara ngapi, amepanga namna gani na lini, ana kitu cha kutumia karibu, amewahi kujaribu, anakunywa pombe au kutafuna muguka, na ni nini kilichomzuia mpaka leo. Kujaribu huko nyuma ni miongoni mwa ishara nzito kuliko zote. Dereva hajawahi kujaribu. Ila ana chupa ya dawa ya wadudu aliyotoka nayo shambani Kwale, ipo nyumbani, na mawazo humzidi usiku. Kinachomzuia ni binti yake aliye gredi ya nane.

Haki itendeke: woga wa wagonjwa kukiri mawazo haya ulikuwa na sababu. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na adhabu ilifika miaka miwili gerezani. Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba tarehe 9 Januari 2025, katika shauri lililofunguliwa na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu pamoja na Chama cha Madaktari wa Akili. Mgonjwa asiyejua hilo bado atamwona aliyevaa koti jeupe kama polisi, kwa hiyo aambiwe.

Baada ya kupata majibu ndipo wengi waliouliza vizuri huanguka. Humwahidisha mgonjwa: “Niahidi hutajiua.” Ahadi hiyo humtuliza tabibu tu, na hakuna ushahidi kwamba inamkinga mgonjwa. Kinachofaa ni mpango wa usalama wa aina waliyoibuni Barbara Stanley na Gregory Brown, ambao katika utafiti wa mwaka 2018 kwa maveterani wa Marekani, pamoja na kufuatiliwa kwa simu, uliendana na kupungua kwa matukio ya kujidhuru na kujaribu kujiua kwa karibu nusu ndani ya miezi sita.

Mpango huandikwa kwa maneno ya mgonjwa. Dereva anataja dalili yake mwenyewe: simu ya mdai inapolia naye yuko peke yake. Akiiona, atatoka aende kibarazani kwa wenzake, hata bila kuwaeleza kitu. Isipotosha, atampigia kakake aliyeko Mikindani, anayejua yote. Kakake naye anapigiwa hapo hapo kliniki, kwa ridhaa ya dereva, aje leo aichukue ile chupa, kwa maana mawazo makali mara nyingi huja na kupita, na anayepita katika saa hiyo bila kitu karibu ana nafasi kubwa ya kuiona asubuhi. Namba ya kliniki inaandikwa, na tarehe ya kurudi ni ndani ya siku chache, si mwezi ujao. Kama angesema ni usiku huu, au asingeweza kukubaliana na lolote katika haya, asingeachwa peke yake hata kwenda chooni; angesindikizwa alazwe.

Na mtahini asidai mtahiniwa atamke “hatari ndogo” au “hatari kubwa” kama mtu anayesoma kipimo cha joto. Mwongozo wa NICE wa Uingereza wa mwaka 2022 unakataza kutumia mizani ya alama kubashiri nani atajiua, kwa sababu haibashiri vizuri.

Wanaotunga mitihani hii waziweke alama mahali pake: swali lisilotaja kujiua waziwazi lipate sifuri, hata kama mtahiniwa alikuwa mpole kiasi gani. Na msomaji ambaye swali hili linamgusa yeye au mtu wake, laini ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, hupigwa bure.