Alama ya shaka si hukumu: tunadai mtu aangalie video, na mtahiniwa aione



«Banasema nilikopya, na video yenyewe hawanionyeshe.» Ndivyo alivyotuandikia ndugu yetu mmoja wa Lubumbashi, anayesoma kwa mtandao katika chuo kimoja cha Ulaya. Minervali ameilipa kwa kujikaza. Mtihani wa dakika 90 ameufanya chumbani mwake, kamera ya mashine ikimtazama mwanzo mpaka mwisho. Siku 6 baadaye barua pepe ikaingia: kuna «mwenendo wa mashaka», matokeo yamezuiwa, jibu katika siku 10. Dakika gani? Kosa gani? Hakuna.

Tuseme mapema: hatutetei wanaokopya. Anayelipa mtu amfanyie mtihani anatuharibia jina sote. Lakini kuitwa mwizi na programu, halafu ukaambiwa ujitetee gizani, hiyo tunaikataa.

Tuelewe kwanza kitu hiki kinavyofanya kazi. Programu inarekodi kamera, sauti na skrini. Kukopya haikujui. Inahesabu vitu tu: uso umetoka kwenye picha, uso wa pili umeonekana, macho yamekaa mbali na skrini, sauti imesikika, mtandao umekatika. Kila kimoja inakiwekea alama kwenye mstari wa saa ya video. Mwishoni inajumlisha na kumpa kila mtahiniwa kiasi cha shaka. Na mara nyingi ni chuo chenyewe kinachochagua programu iwe kali kiasi gani.

Hapo ndipo mtu anapaswa kuingia. Anaweza kuwa mfanyakazi wa kampuni ya usimamizi, mwalimu, au kamati ya chuo. Anafungua orodha, anabonyeza alama, video inaruka mpaka pale, anatazama sekunde chache, kisha anaandika: hakuna kitu, au kuna kosa, au ipelekwe juu. Angalieni vizuri: anaona sekunde chache za chumba asichokijua. Hajui kama parseli yenu ina familia tano na kanisa ukutani. Na kwa kawaida kampuni inatoa ripoti tu, anayehukumu ni chuo. Kwa hiyo kumwandikia fundi wa kampuni ni kupoteza siku zako.

Mbaya zaidi, mara nyingi mtu huyo haangalii hata kidogo. Si maneno yetu. Mwaka 2021 kampuni ya ProctorU ilitangaza kwamba inaacha kuuza usimamizi wa programu peke yake, ju iligundua kwamba ni asilimia 11 hivi tu ya mitihani iliyotiwa alama ndiyo iliyoangaliwa tena na vyuo. Zingine zilikaa tu, au alama ikageuka ushahidi bila jicho la mtu.

Na watu wakiangalia kweli, inakuwaje? Oktoba 2020 jimbo la California, Marekani, lilifanyisha mtihani wa mawakili kwa mtandao. Watahiniwa walikuwa 9,301. Programu ikatia alama karibu theluthi moja yao, zaidi ya watu 3,000. Watu walipokaa na kutazama video, wengi mno wakaachiwa. Waliokutwa na kosa mwishoni hawakufika hata 50. Wengine walikuwa wameandikiwa barua ju macho yao hayakuonekana kwenye kamera, au ju sauti haikurekodiwa. Sauti kukosekana, nayo ni kosa!

Turudi Lubumbashi. Ndugu yetu alitaka kujibu usiku uleule, kurasa tatu za hasira na kuapa kwa Mungu. Tukamzuia. Jibu la kwanza liwe fupi: nipeni dakika na sekunde za kila alama, kanuni mnayodai nimeivunja, na kipande cha video chenyewe. Na siku 10 zianze kuhesabiwa nitakapovipata. Wakati anangoja, akaandika kila alichokumbuka cha siku ile, akahifadhi picha ya skrini ya mazungumzo na msimamizi, akaiandika saa ya umeme kukatika.

Chuo kikatuma. Alama zilikuwa mbili. Dakika ya 23: sauti ya mtu mwingine. Dakika ya 41 mpaka ya 45: uso haupo, kisha mtandao umekatika.

Sasa ndipo unajibu, alama moja moja, bila hadithi ndefu. Kwa dakika ya 23 aliandika: sauti ni ya jirani anayemwita mtoto kwa Kiswahili uani, sikilizeni maneno yake kwa mtu anayeelewa lugha, nami sikugeuka wala sikujibu. Hoja hiyo ina uzito ju mhakiki aliyesikia lugha asiyoijua hawezi kutofautisha jina la mtoto na jibu la swali la 12. Kwa dakika ya 41 aliandika: Snel ilikata umeme, taa ikazima, ruta ikazima, nikaunganisha simu, nikarudi dakika ya 45. Akaweka picha ya simu yenye saa ya kuwashwa kwa mtandao, maandishi ya majirani wawili, na akaomba chuo kilinganishe majibu yake ya kabla na ya baada. Kabla ya kukatika alikuwa swali la 18. Aliporudi akaanzia hilohilo la 18, na hakubadilisha jibu lolote la nyuma. Hiyo iko kwenye kumbukumbu za mfumo wao, siyo kwenye mdomo wake.

Kumbukumbu hizo zina nguvu pande zote mbili. Huko Amsterdam mwanafunzi mmoja mweusi alilalamika kwamba programu haikuwa inauona uso wake mpaka ajimulikie taa. Desemba 2022 taasisi ya haki za binadamu ya Uholanzi ilisema kuna dalili ya ubaguzi, chuo kithibitishe vinginevyo. Oktoba 2023 chuo kikaleta kumbukumbu za mfumo, na taasisi ikaona ubaguzi haukuthibitika kwake, ingawa ikakilaumu chuo kwa namna kilivyopokea malalamiko.  Kwa hiyo andika zako siku ileile.

Na kitu wengi wetu hatukijui: kama chuo kiko Ubelgiji, Ufaransa au nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, sheria yao ya data, RGPD, inakulinda hata ukiwa Katuba. Haiangalii pasipoti. Kifungu cha 15 kinakupa haki ya kupata nakala ya data zako, na video ya uso wako ni data yako. Wana mwezi mmoja kujibu, ingawa wanaweza kuurefusha kwa sababu. Kifungu cha 22 kinakupa haki ya kudai mtu aingilie kati pale uamuzi mzito umetolewa na mashine peke yake. Taja vifungu hivyo kwa namba. Mwezi mmoja ni mrefu kuliko siku 10, kwa hiyo omba nakala siku ya kwanza.

Haifanyi kazi kila mahali. Kwa mtihani wa lugha wa kampuni isiyo ya Ulaya, unaweza kupewa nafasi moja tu ya kukata rufaa, bila kuonyeshwa chochote. Hapo soma kanuni kabla ya kulipa, siyo baada.

Kwa vyuo vinavyochukua pesa zetu tunadai haya: barua ya kwanza itaje dakika na kanuni. Kipande cha video kiende pamoja nayo. Anayesikiliza rufaa asiwe yule aliyebonyeza mara ya kwanza. Na umeme kukatika usihesabiwe kama mwenendo wa mtu.

Alama ya dakika ya 23 imefutwa. Ile ya dakika ya 41 bado iko kwenye kamati, na jibu lake tutaliweka hapa siku litakapofika.