Mpakani Bwera, anayeshona ameketi anahitaji furushi kubwa kuliko huruma

Jumanne na Ijumaa, siku za soko la Mpondwe, barabara ya kutoka Bwera kwenda mpakani hujaa watu, magunia na bodaboda. Kila anayefanya biashara hapa anajua kwamba faida ya Kasindi hupatikana kwa miguu: unavuka, unalinganisha bei, unabeba, unarudi. Swali tunaloliuliza leo ni la yule ambaye miguu yake haimchukui. Je, mtu mwenye ulemavu wa viungo anayeishi kijijini nyuma ya Bwera au katika mitaa ya Kasese, na anayetaka kupata riziki bila kutoka nyumbani, ana nafasi gani katika biashara hii?

Wanaovuka Busia wana jibu moja la zamani. Huko, kwa miaka mingi, watu wenye ulemavu walibeba bidhaa kati ya Uganda na Kenya kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Maofisa wa forodha waliwalegezea, na wenye mali wakawatumia kwa sababu hiyo. Ilikuwa kazi halisi iliyojenga nyumba na kusomesha watoto. Lakini ilisimama juu ya tofauti ya ushuru kati ya pande mbili. Kadiri Jumuiya inavyopunguza ushuru, ndivyo mwenye mali anavyokosa sababu ya kumlipa mtu wa baiskeli. Kongo nayo imekuwa mwanachama kamili tangu Julai 2022, kwa hiyo si busara kwa mtu wa Bwera kuanza leo kujenga maisha yake juu ya msingi huo. Isitoshe, kazi ile inadai mabega yenye nguvu na siku nzima barabarani, na huyu tunayemzungumzia anataka kukaa.

Wengi humshauri awe wakala wa pesa kwa simu. Kwa macho ni kazi ya kuketi. Ukiichunguza, si hivyo. Siku ya soko wateja wote hutaka kitu kimoja: asubuhi wanatoa fedha taslimu za kununulia, jioni wanaweka walizouza. Kufikia saa nne asubuhi wakala hana noti, na jioni ana noti nyingi lakini floti ya simu imekwisha. Kila mara mtu lazima aende benki au kwa wakala mkubwa. Asiyeweza kwenda humtuma mwingine na fedha zote za mtaji mkononi, na majirani wote wanajua kwamba ndani ya nyumba ile kuna noti na mwenyewe hawezi kukimbia. Kuku nao hutajwa sana, lakini anayewafuga anajua nani anachota maji na nani anazoa mbolea.

Kwa hiyo kipimo chetu ni tofauti kidogo. Kazi inayomfaa mtu huyu ni ile ambayo mali inakuja mlangoni na kuondoka mlangoni kwa miguu ya mtu ambaye tayari anasafiri. Hapo ndipo mfanyabiashara wa mpakani anapoingia, na hapo ndipo cherehani inapoyashinda mengine.

Tuanze na mashine yenyewe, maana hapa ndipo watu wanapopoteza fedha. Cherehani ya kawaida ni ya kukanyaga, na mfadhili mwenye moyo mzuri huileta hivyo hivyo kwa mtu ambaye miguu yake imepooza. Inageuka kabati. Njia za kuirekebisha ni mbili. Ya kwanza ni mkono wa kuzungusha, unaofungwa kwenye gurudumu la upande wa kulia. Kabla ya kununua, tazama gurudumu hilo: lazima liwe na mianya kama spoku, na mwili wa mashine uwe na kitako chenye tundu la skrubu chini yake. Visipokuwepo, mkono hautafungika. Njia ya pili ni mota ndogo ya umeme, ambayo hufungwa kwenye kitako hichohicho. Kidude chake cha kukanyagia si lazima kikae chini: kiwekwe juu ya meza na kubonyezwa kwa kiwiko, au kifungwe kando ya goti ikiwa goti lina nguvu.

Tofauti ya njia hizi mbili inaamua mtu atashona nini. Anayezungusha kwa mkono wa kulia anabaki na mkono wa kushoto peke yake kuongoza kitambaa. Mshono ulionyooka utatoka vizuri, lakini kola na kwapa za shati vitamtesa. Basi apewe sketi, mapazia, mashuka, mifuko na pindo za vitenge. Mwenye mota ana mikono yote miwili karibu na sindano na anaweza kushona shati, ila umeme ukikatika anakaa. Anayeweza aweke ule mkono wa kuzungusha pembeni, ili siku ya giza aufunge mahali pa mota na kumalizia yaliyonyooka.

Kuna mpaka mwingine ambao mfanyabiashara asipouelewa atagombana na fundi wake bure. Mtu asiyesikia maumivu sehemu ya kukalia hupata vidonda bila kujua, na kidonda kimoja kinaweza kumlaza miezi. Inampasa ajiinue kwa mikono au aegemee upande kila baada ya dakika 15 hadi 30, na akague ngozi kila jioni kwa kioo au kwa msaada wa mtu wa nyumbani. Doa jekundu au jeusi lisilopotea baada ya kupumzika ni amri ya kuacha kukaa mpaka lipone. Vilevile pasi ya mkaa isiwekwe mapajani hata kwa dakika moja, kwa kuwa mguu usiosikia moto huungua kimya. Kazi ya kupiga pasi ni afadhali ibaki kwa mwenye duka. Kwa mwendo huu, saa 5 za kushona kwa siku ni hesabu ya kweli. Anayemwahidi mteja saa 10 anadanganya au anajiumiza.

Sasa tuje kwenye bidhaa. Bwera ina bahati ambayo mafundi wa Kampala hawana: misimu miwili ya sare za shule. Huku kwetu mwaka wa shule hufunguliwa karibu na Februari. Kongo hufungua Septemba. Zaidi ya hapo, kila shule ya Uganda ina rangi yake, hivyo sare isiyouzwa inabaki mzigo, lakini Kongo sare ni moja kwa sehemu kubwa, shati jeupe na sketi au suruali ya buluu. Sketi ya buluu iliyoshonwa Juni na kukosa mnunuzi Beni itapata mnunuzi Butembo. Hiyo ni bidhaa inayoweza kushonwa polepole na kuwekwa akiba, na ndiyo inayomfaa mtu wa saa 5 kwa siku.

Tuchukue mfano, na bei hizi ni za kuonyesha njia tu. Kila mmoja aweke za mtaa wake. Mfanyabiashara ananunua kitambaa cha buluu na kukikatisha mjini kwa fundi mwenye meza ndefu, maana kukata ni kazi ya kusimama na kuinama. Analeta furushi la vipande vya sketi 40, vimefungwa kwa saizi. Mshonaji anaunganisha pande, anapiga marinda, anatia lastiki kiunoni na kukunja pindo. Kwa mota, tuseme dakika 40 kwa sketi. Zote 40 ni kama saa 27, yaani siku 5 na kidogo. Ujira ni shilingi 2,500 kwa sketi, jumla 100,000. Bodaboda ya kuleta na kurudisha 10,000, uzi na sindano 10,000. Zinabaki 80,000, ambazo ni 2,000 kwa kila sketi.

Furushi likiwa la sketi 10 tu, ujira ni 25,000, uzi kama 2,500, lakini bodaboda bado ni 10,000. Zinabaki 12,500, yaani 1,250 kwa sketi. Mikono ni ileile na mshono ni uleule. Barabara ndiyo iliyokula. Ndiyo maana mteja anayeleta sketi kumi kumi “ili kumsaidia” anamuumiza. Alete 40, au aje mwenyewe siku ya soko anapopita, asilipishe safari hiyo kwa mshonaji.

Mapokezi yafanyike kwa karatasi mbili zenye idadi ya vipande, saizi na tarehe, sahihi za wote wawili, na nusu ya ujira mbele. Asiyeweza kumfuata mdaiwa Kasindi hana dawa nyingine ya deni. Malipo kwa simu yajumlishe gharama ya kutolea pamoja na ile kodi ya serikali ya asilimia 0.5. Mfanyabiashara naye akague: ageuze sketi ndani nje na kutazama chini ya mshono. Akiona vitanzi vya uzi vimelegea, uzi wa juu haukukazwa, na mshono utafumuka kwenye ufuo wa kwanza.

Mtaji una fumbo lake. Fedha za Mpango wa Maendeleo ya Parokia, shilingi milioni 1 kwa kaya kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, zimetenga asilimia 10 kwa watu wenye ulemavu, lakini ni za miradi ya kilimo na mifugo. Ndiyo sababu wengi huishia na kuku wasiowamudu. Anayetaka mota na meza atazame ruzuku maalumu ya serikali kwa vikundi vya watu wenye ulemavu, isiyozidi milioni 5 kwa kikundi, inayoombwa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya. Watu watano wakigawana, kila mmoja ana milioni 1.

Kwa kanuni za Jumuiya, shehena isiyozidi dola 2,000 inaweza kutumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Nguo iliyoshonwa Bwera kwa kitambaa cha ng’ambo italeta swali la asili yake. Muulizeni ofisa wa forodha kabla ya kukata kitambaa, na mtunze risiti za dukani.

Hatari kubwa kuliko zote tumeshaiona. Machi 2020 watu walizuiwa kuvuka huku malori ya mizigo yakiendelea kupita, na shule za Uganda hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Aliyeshona sare pekee alikaa na mashine kimya. Kwa hiyo furushi la tatu baada ya kila mawili ya sare liwe la mashuka, mapazia au mifuko ya kahawa, na liende kwa mnunuzi wa Kasese mjini, zaidi ya kilomita 50 kutoka mpaka huo.